Zabuni si Mteja: Maneno ya Kiarabu katika Tangazo la Mnada

Kuna dhana ya zamani, nayo bado husikika katika vyumba vya kusomea, kwamba mfasiri atiaye Kiswahili katika Kiarabu ana kazi nyepesi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno ayasomayo ni ya Kiarabu tangu asili. Dhana hii haina budi kupimwa kwa maandishi ya kawaida, maana mashairi na hutuba zina msamaha mwingi kuliko biashara. Shairi likifasiriwa vibaya, msomaji hupoteza ladha; tangazo la mnada likifasiriwa vibaya, mtu hupoteza shehena.

Kwa ajili hiyo inafaa kwenda Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za mkoa wa Lindi, ambako ufuta na korosho huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi za ghala. Sheria ya utaratibu huo ilipitishwa mwaka 2005. Mkulima hupeleka mazao yake katika chama cha msingi cha ushirika. Mazao hupimwa, hupelekwa ghala kuu, na mwenyewe hubaki na karatasi. Kwa miaka mingi wanunuzi walitoa bei zao kwa maandishi, kisha bahasha au masanduku yalifunguliwa mbele ya wakulima, nao walikubali au walikataa. Chama kikuu cha wilaya hizi pamoja na Liwale huitwa RUNALI, jina lililoundwa kwa silabi za mwanzo za wilaya zote tatu. Heri mfasiri alijue hilo mapema, asije akalitafuta neno hilo katika kamusi za lugha yoyote.

Ufuta una wanunuzi katika nchi nyingi, na nchi za Kiarabu hazikosekani, maana huko ndiko unakosagwa kuwa tahini. Basi ni jambo la kawaida kabisa mtu kulipiga picha tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ghala, akampelekea jamaa wa ng'ambo, na huyo akampa mfasiri. Tangazo lifuatalo limetungwa kwa kufuata desturi ya matangazo ya namna hiyo, wala halikunakiliwa kutoka ukuta wowote:

TAARIFA KWA WANUNUZI WA UFUTA. Chama cha ushirika kitauza kwa mnada ufuta uliopo katika ghala la Nachingwea na ghala la Ruangwa. Mwisho wa kupokea zabuni ni Jumatano saa 10 jioni. Mnada utafanyika Alhamisi saa 4 asubuhi. Bei itatangazwa kwa kilo. Ushuru wa halmashauri utakatwa kwa mujibu wa sheria. Kila mkulima aliyekabidhi ufuta aje na stakabadhi yake.

Mwarabu aliyesoma kidogo Kiswahili akitazama maandishi haya huona nyuso anazozijua karibu katika kila mstari: taarifa, ushirika, mnada, ghala, zabuni, saa, bei, ushuru, kabidhi. Maneno yasiyo ya asili ya kwao, kama vile ufuta, kuuza, kutangaza na mkulima, atayatafuta katika kamusi, na kwa kuwa atayatafuta atayapata sawasawa. Haya mengine hatayatafuta. Hapo ndipo mtego ulipo: katika neno ambalo mfasiri anadhani hana haja ya kuliuliza.

Lakini mitego hii haina uzito mmoja. Mingine hujifichua yenyewe. Mtu akiona mahali pengine Mamlaka ya Maji, naye anajua kuwa kwa Kiarabu mamlaka ni nchi yenye mfalme, hatathubutu kuandika Ufalme wa Maji. Upuuzi wenyewe utamzuia, naye atauliza. Kadhalika akisoma kwamba mkulima atalipwa fedha, hataamini kwamba vyama vya Lindi huwalipa watu vipande vya madini, ingawa kwa Kiarabu neno hilo ndilo jina la madini hayo meupe. Kosa lililo wazi ni kosa salama. La kuogopwa ni lile linalozaa sentensi nzuri, yenye maana kamili, inayofaa kabisa kuandikwa mlangoni mwa ghala, ila si sentensi iliyoandikwa pale.

Katika tangazo hili, mfano bora wa hatari hiyo ni zabuni. Kwa Kiarabu zabun ni mteja, mnunuzi wa dukani. Waswahili walilichukua neno hilo katika kelele za mnada, ambako mteja hajulikani kwa uso bali kwa kiasi anachokitaja; likahama kutoka kwa mtu hadi kwa tendo lake. Kuzabuni kukawa kutaja bei ya kununulia, na zabuni ikawa ile bei iliyotajwa, au karatasi iliyoiandika. Sasa na asome Mwarabu: mwisho wa kupokea zabuni. Kwake ni mwisho wa kupokea wateja. Hakuna upuuzi wowote hapo. Kila duka duniani lina saa ya kufunga milango. Mfasiri atapita mstari huo bila kushtuka, na mnunuzi atakayesoma tafsiri hiyo ataelewa kwamba ana ruhusa ya kufika na kukagua mzigo hadi saa iliyotajwa, wala hatajua kwamba alitakiwa kuwa amekwisha kuandika bei yake na kuitia sandukuni.

Sarufi ya Kiswahili ingemwokoa kama angeiuliza. Mtu atoaye zabuni huitwa mzabuni. Kama zabuni angekuwa mteja, mzabuni angekuwa nani? Kiambishi hiki kidogo cha Kibantu ni shahidi mwaminifu kuliko mzizi wenyewe, maana mzizi huonyesha neno lilikotoka, na kiambishi huonyesha linakoishi. Neno la kigeni likiisha kuvikwa m-, ku-, -wa au -ana, limeingia katika ukoo mwingine, na jamaa zake wapya ndio wa kuulizwa habari zake.

Mtego wa pili ni mwepesi kuueleza lakini hunasa wengi, nao ni bei pamoja na jirani yake thamani. Kwa Kiarabu bayi ni tendo la kuuza, na thaman ni kiasi kinacholipwa. Katika Kiswahili maneno haya yamesogea hatua moja kila moja: bei imechukua mahali pa thaman, na thamani imepanda juu kidogo ikawa ubora au kadiri ya kitu hata kama hakiuzwi. Kwa hiyo bei itatangazwa kwa kilo ikigeuzwa kwa kufuata sauti huwa mauzo yatatangazwa kwa kilo, na msomaji hufahamu kwamba siku ya mnada zitatajwa kilo zilizouzwa. Ni habari ya kweli pia, maana zitatajwa. Lakini shilingi kwa kila kilo, ambayo ndiyo roho ya tangazo, imetoweka. Kichwa cha habari nacho kimeshirikiana na kosa hilo. Taarifa kwa Waarabu wa leo ni orodha ya viwango vya malipo, kama ile ya ushuru wa forodha au nauli. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba ameletewa orodha ya viwango atazitafuta bei katika karatasi, asizione, na atamlaumu mpiga picha kwamba amekata sehemu ya chini.

Ghala lina hadithi ya namna hiyo hiyo. Ghalla ni mavuno, nafaka yenyewe. Pwani ya Afrika Mashariki jina la kilichohifadhiwa likahamia nyumba ihifadhiyo. Ufuta uliopo katika ghala la Nachingwea unaweza kusomwa kuwa ufuta uliomo katika mavuno ya Nachingwea, yaani mazao ya wilaya nzima, badala ya mzigo uliokwisha kupimwa na kufungiwa chini ya paa moja. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayekodi meli. Kiarabu cha nyumba hiyo ni makhzan, neno ambalo Kiswahili hakikulihitaji kwa kuwa ghala lilikwisha kukaa kitini pake.

Yafaa kukumbuka pia kwamba maneno haya hayakufika bara ya Lindi kutoka katika vinywa vya Waarabu peke yao. Biashara ya Kilwa na Lindi iliyapeleka kwa Wamwera na jirani zao yakiwa tayari ni Kiswahili, yamekwisha kuzungushwa sokoni na kupata maana za sokoni. Mtu wa Ruangwa asemaye bei hakukosea Kiarabu, hakuwahi kukisema. Wako walimu wanaoyaita mabadiliko haya uharibifu, na wanafunzi wao hujifunza kulirudisha kila neno katika maana yake ya asili. Elimu hiyo huwaharibu wafasiri kuliko ujinga mtupu, kwani mjinga angalau hufungua kamusi.

Kamusi zenyewe hazina budi kulaumiwa kidogo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ambayo vizazi vingi vimeitumia, huonyesha asili ya Kiarabu ya neno, na kazi hiyo ilifanywa kwa bidii kubwa. Lakini kulitaja neno la asili bila kueleza umbali uliopo kati ya maana ya kule na maana ya hapa ni kama kumwonyesha msafiri bandari aliyotoka jahazi bila kumwambia limepakia nini. Msomaji wa Kiingereza hapati madhara. Msomaji wa Kiarabu huona jina la kwao na kufunga kitabu.

Neno gumu kuliko yote katika tangazo ni kabidhi, na linastahili kutazamwa polepole. Kwa Kiarabu kabadha ni kushika, kutwaa, kupokea kwa mkono. Mwenye kupokea mshahara hufanya kitendo hicho. Kwa Kiswahili cha leo kukabidhi ni kutia katika mkono wa mwingine. Mkono uliofumba umefumbuliwa. Mwendo wa kitu umegeuka kutoka kuja hadi kwenda. Imekuwaje? Kiarabu kina tendo la pili katika mzizi huo huo, kabbadha, lenye herufi ya kati iliyotiwa shada, na maana yake ni kumfanya mwingine apokee, yaani kumpa. Kiswahili hakina shada. Matendo yote mawili yakiingia katika mdomo wa Mswahili hutoka kwa sauti moja, kabidhi. Hapana shaka kwamba kwa muda mrefu maana zote mbili ziliishi pamoja, kwa kuwa hata sasa mtu bahili, asiyeachia kitu, huitwa kabidhi, na huo ni mkono uliofumba. Baadaye lugha ikajitengenezea njia yake ya kuzitenganisha: atoaye hukabidhi, apokeaye hukabidhiwa. Kile ambacho Kiarabu hukieleza kwa shada, Kiswahili hukieleza kwa -wa.

Sasa mstari wa mwisho wa tangazo unasema kwamba kila mkulima aliyekabidhi ufuta aje na stakabadhi yake. Ukigeuzwa kwa kufuata sauti, utasema kila mkulima aliyepokea ufuta aje na stakabadhi yake. Je, kuna upuuzi hapo? Hakuna hata chembe. Vyama vya ushirika huwagawia wakulima mbegu, na aliyepokea mbegu hutia sahihi. Mnunuzi wa ng'ambo ataona kwamba chama kinawakumbusha wadeni wake, na atajiuliza kama chama chenye wadeni wengi namna hiyo kina mzigo wa kuuza. Mkulima aliyekuwa mwenye mali amegeuzwa kuwa mwenye deni, na stakabadhi iliyokuwa haki yake imekuwa ushahidi juu yake. Katika tafsiri sahihi mahali pa kabidhi hapafai neno lolote la mzizi huo. Pafaa sallama, yaani kutoa kwa mkono, na hapo msomaji wa Kiarabu hawezi kubaki na shaka kuhusu nani alitoa na nani alipokea.

Ushuru ni mtego wa namna nyingine, kwa kuwa unabeba hesabu ndani yake. Ushr ni sehemu ya kumi, na katika fikihi ndiyo zaka ya mazao yaliyokua kwa mvua. Yaliyomwagiliwa kwa gharama hutolewa nusu yake. Ufuta wa Nachingwea na Ruangwa ni zao la mvua. Basi msomaji Mwislamu wa Uarabuni akisoma kwamba ushr itakatwa kwa mujibu wa sheria, hesabu na sheria zote mbili anazo kichwani: sehemu moja katika kumi, na sheria ni ile ya dini. Tangazo halikukusudia lolote katika hayo. Linasema juu ya tozo la halmashauri ya wilaya, ambalo mwaka 2017 lilipunguzwa kwa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Chukua tani moja ya ufuta, na iwe kwa mfano imeuzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Jumla ni shilingi 3,000,000. Kwa asilimia 3 makato ni shilingi 90,000. Kwa sehemu ya kumi ni shilingi 300,000. Katika tani 100 tofauti hiyo imefika shilingi 21,000,000, na bei atakayoiandika mnunuzi katika karatasi yake itapungua kwa kadiri hiyo kabla mkulima hajajua sababu.

Wala neno hilo halikupoteza kumi yake huko Lindi wala juzi. Mkataba wa biashara uliofanywa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliweka asilimia 5 juu ya bidhaa zishushwazo, na Waswahili waliita malipo ya forodha ushuru bila kujali kwamba si sehemu ya kumi. Tangu hapo ushuru ni tozo ya kiwango chochote. Kwa Kiarabu cha tangazo hili ingefaa rasm, neno la ada za serikali, na asilimia iandikwe kwa tarakimu. Hapa tena msomaji aangalie: neno ada lililotumiwa sasa hivi ni malipo kwa Waswahili, na kwa Waarabu ni desturi tu.

Si kila Mwarabu ananaswa mahali pamoja. Msomaji wa Kairo ataliona neno mnada na kufikiri juu ya mtu aitaye wenziwe, kwa kuwa mauzo hayo kwake huitwa mazad; msomaji wa Nizwa katika Omani hatasita, maana masoko ya kwao yana munada mpaka leo. Wilaya nayo kwa Mwomani ni sehemu yenye liwali, karibu sawa na ya Tanzania, hali kwa Mwaljeria ni kama mkoa. Kwa hiyo mtu akisema neno fulani la Kiswahili limeacha maana yake ya Kiarabu, aulizwe kwanza ni Kiarabu cha nani.

Zimesalia siku na saa. Kiswahili huhesabu siku kuanzia baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, na Jumatano ni ya tano. Kiarabu huanza na Jumapili, na siku yake ya tano ni Alhamisi. Kiswahili kiliiazima Alhamisi jinsi ilivyo, kikaiweka baada ya Jumatano, na hivyo juma la Waswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana. Mfasiri anayeivunja Jumatano kwa hesabu, juma na tano, ataandika Alhamisi. Kisha saa 10 jioni, ambayo ni saa ya kumi tangu kuchomoza jua, ataifanya saa kumi ya saa za kizungu, yaani saa nne usiku. Na saa 4 asubuhi itakuwa saa nne za kizungu, wakati majogoo ya Ruangwa hayajawika mara ya pili.

Yakiwekwa pamoja, makosa haya yanatoa tangazo jipya: wateja watapokelewa mpaka Alhamisi saa nne usiku, na mnada utafanyika Alhamisi hiyo hiyo kabla ya alfajiri. Ndipo kwa mara ya kwanza tafsiri inajishitaki. Mnada hauwezi kutangulia mwisho wa kupokea washindani wake. Mfasiri mwangalifu ataona mgongano huo, atarudi nyuma, na akiisha kuishika Jumatano atazishika na saa, na huenda akaishika zabuni yenyewe.

Lakini aliyonayo ni picha, na picha za simu hukatwa kingo. Ikiwa mpigaji alisogea karibu ili herufi zisomeke, mstari wa mnada ukabaki nje, mgongano huo haupo, na tafsiri iliyopotoka inasomeka kama maji. Karatasi yenyewe ikiwa imekunjwa, mkunjo hupita mara nyingi mwishoni mwa maneno, na katika Kiswahili mwisho wa neno ndiko -wa inakokaa. ALIYEKABIDHI na ALIYEKABIDHIWA hutofautiana kwa herufi mbili, ambazo kivuli cha kidole hutosha kuzifunika. Mbele ya picha kama hiyo hata mjuzi wa lugha zote mbili hawezi kuamua kwa elimu yake ni nani mwenye ufuta. Atazame kama nafasi iliyofunikwa inatosha herufi mbili, akilinganisha na urefu wa mistari ya juu. Na ikiwa inatosha, aombe picha nyingine, iliyopigwa kwa mbali zaidi, mlango wa ghala na kingo zote nne za karatasi zikionekana, kabla ya kuuandika mstari huo kwa Kiarabu.